Kadi Imekataa, Treni Inaondoka

Ukishuka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, huna haja ya kuulizia stesheni. Iko chini ya miguu yako. Ukumbi wanakotokea abiria ndio huohuo wenye mashine za tiketi, na ngazi za kuteremkia kwenye treni zimo humohumo ndani. Mtu aliyepanda ndege ya usiku kutoka Dar es Salaam au Nairobi anaweza kujikuta amesimama mbele ya mashine ya njano, begi mkono huu na kadi ya benki mkono ule, kabla macho yake hayajaizoea asubuhi ya huko.

Tumchukue msafiri mmoja wa mfano. Ni mwanafunzi wa Dar anayekwenda Leiden, mji wenye chuo kikuu cha zamani na Kituo cha Masomo ya Afrika ambacho wapenzi wengi wa Kiswahili wanakijua. Safari yenyewe ni fupi, treni inafika moja kwa moja, na nauli haifiki yuro 10. Kwenye akaunti ana shilingi milioni kadhaa. Anachagua Kiingereza kwenye kioo, anaandika Leiden Centraal, anachomeka kadi, anaingiza namba ya siri. Mashine inatulia kidogo, kisha inamwambia malipo yamekataliwa. Anaichomoa, anaifuta chipu kwenye suruali, anachomeka tena. Jibu ni lilelile, na nyuma yake foleni imeanza kuhemea shingoni.

Sisi husema "kadi imekataa", kana kwamba kile kipande cha plastiki kina hasira zake. Kumbe wanaoweza kukataa ni wengi: mashine iliyo mbele yako, kadi yenyewe, au benki yako iliyo maelfu ya kilomita kutoka hapo. Kila mmoja ana sababu zake, na dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Ndiyo maana kurudia kuchomeka kadi ileile mara tano hakusaidii. Kwanza jua ni nani aliyesema hapana.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni wakati. Ukichomeka kadi na mashine ikaitema papo hapo, kabla hata ya kukuuliza namba ya siri, benki yako haijaulizwa chochote. Mashine imesoma chipu, ikatafuta jina la mtandao wa malipo inaoufahamu, haikulipata, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini ukiingiza namba ya siri, ukaambiwa usubiri, zikapita sekunde mbili tatu ndipo ukakataliwa, swali limesafiri hadi kwa benki yako na jibu limerudi. Hapo aliyekataa karibu kila mara ni benki. Maneno ya kwenye kioo nayo husaidia. Kwa Kiholanzi, "niet geaccepteerd" maana yake haipokelewi, na "geweigerd" maana yake imekataliwa. Ukiona "PIN onjuist", umekosea namba ya siri. "Saldo ontoereikend" ndiyo salio halitoshi.

Uholanzi ina historia yake katika jambo hili, na wageni wengi wameionja. Kwa miaka mingi malipo ya kadi nchini humo yalijengwa juu ya kadi za kawaida za benki zenye alama ya Maestro au V Pay, si kadi za mkopo. Mmarekani aliyekuja na kadi yake ya dhahabu alikuwa akisimama dukani ameduwaa huku kijana wa shule akilipia mkate kwa kadi ya benki. Hali hiyo imebadilika. Tangu Julai 2023 Mastercard iliacha kutolewa kwa kadi mpya za Maestro barani Ulaya, na mashine zimezidi kuzizoea Visa na Mastercard za kawaida. Hata hivyo mashine za zamani hazitoweki kwa siku moja. Kabla ya kuchomeka kadi, tazama alama zilizobandikwa karibu na tundu la kadi, kisha uzilinganishe na alama iliyo kwenye kadi yako.

Na hapa baadhi yetu hukwama bila kujua. Kadi ya kutolea pesa uliyopewa ulipofungua akaunti ya akiba huenda ina alama ya mtandao wa ndani peke yake, kama UmojaSwitch ya Tanzania au KenSwitch ya Kenya. Kariakoo inafanya kazi vizuri sana. Nje ya nchi hakuna mashine itakayoitambua, hata kama akaunti ina mali ya Karuni. Kadi ya kusafiri nayo lazima iwe na alama ya mtandao wa kimataifa, na kuikagua hakuhitaji mtaalamu: unaigeuza tu kadi na kuitazama.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Yeye aliulizwa namba ya siri, akaiweka, akasubiri, ndipo akakataliwa. Basi tunajua swali lilifika Dar. Benki ilipoulizwa, ilijibu kwa namba. Mashine za malipo duniani hupokea majibu ya tarakimu mbili: 51 ni salio halitoshi, 55 ni namba ya siri si sahihi, 61 ni kuvuka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa, 57 ni muamala usioruhusiwa kwa kadi hiyo, na 05 ni ile hapana ya jumla isiyotoa sababu. Msafiri haoni namba hizo. Yeye huona "imekataliwa" tu. Benki yake ndiyo inayoweza kuziona kwenye kumbukumbu zake. Kwa hiyo anapopiga simu huduma kwa wateja, asiseme "kadi yangu haifanyi kazi", maana ataambiwa ajaribu tena. Aseme: "Nimejaribu kulipa yuro kadhaa Uholanzi saa moja na dakika kumi asubuhi kwa saa za huku, ikakataliwa. Naomba unisomee sababu ya kukataliwa." Swali la namna hiyo humlazimisha mhudumu kufungua kumbukumbu badala ya kukariri majibu.

Kwa kadi zetu za Afrika Mashariki, sababu inayojirudia si salio. Benki nyingi hufunga matumizi ya nje ya nchi au ya mtandaoni mpaka mwenye kadi ayafungue mwenyewe, kwenye programu ya simu, kwa kupiga simu au kwa kujaza fomu tawini. Wanafanya hivyo kuzuia wizi, na siwalaumu: namba za kadi huibwa kila siku, na mwizi hununua vitu nchi za mbali. Ila mteja mara nyingi haambiwi, au aliambiwa siku ya kufungua akaunti miaka sita iliyopita. Halafu kuna kikomo cha siku. Kadi inaweza kuwa na kikomo kimoja cha kutoa pesa kwenye ATM, kingine cha kununua dukani na cha tatu cha kununua mtandaoni, na ukiwa nje ya nchi vyote vikashuka. Na kuna ulinzi unaofanya kazi wenyewe: jana kadi ilitumika Mikocheni, leo alfajiri imetokea Amsterdam, kompyuta ya benki inashtuka na kuifunga.

Kuhusu namba ya siri nina onyo moja tu. Ukiikosea mara tatu kadi hufungwa, na ukiwa ugenini kuifungua ni kazi ya siku, si ya dakika. Ukikosea mara ya pili, acha. Kumbuka pia kwamba ukurasa wa kuingiza namba mara nyingi unataka tarakimu nne. Kama benki yako ilikupa ndefu zaidi, ulizia kabla ya kusafiri.

Sasa, treni ya mwanafunzi wetu inaondoka baada ya dakika kumi na mbili. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni kuiacha mashine. Tangu 2023 treni, mabasi, tramu na metro za Uholanzi nzima zinakubali kugusisha kadi ya benki moja kwa moja, kwa mpango unaoitwa OVpay. Hununui tiketi. Unagusisha kadi yenye alama ya mawimbi manne madogo kwenye nguzo ya kuingilia, unasafiri, unagusisha tena unapotoka, na mfumo unahesabu nauli wenyewe. Makato huja baadaye, safari za siku nzima zikijumlishwa. Na kadi iliyokataliwa na mashine ya tiketi inaweza kabisa kukubaliwa na nguzo, kwa sababu hizi mbili hazifanyi kazi namna moja. Mashine huuliza benki palepale na kusubiri jibu, kwa kiasi kinachojulikana. Nguzo haina muda huo; watu wanapita mfululizo. Inahakikisha kwa haraka kwamba chipu ni ya kweli na si ya kughushi, inakupitisha, kisha mfumo unawasiliana na benki baadaye.

Ila urahisi huo una mitego, na ile ya Schiphol ni ya pekee. Stesheni kubwa kama Leiden Centraal, Utrecht Centraal na Amsterdam Centraal zina mageti yanayofunga njia, usipogusisha hupiti. Schiphol utakutana na nguzo zilizosimama huru katikati ya watu, na hakuna kitu kinachokuzuia kushuka ngazi na kupanda treni bila kugusa chochote. Mgeni mwenye usingizi hupita kati ya nguzo mbili akidhani ni mapambo, kisha akifika Leiden geti linamgomea, au kondakta anamkuta njiani na kumwandikia faini juu ya nauli. Kumwambia kondakta "mashine ilinikatalia" hakufuti kosa, maana kanuni ni kwamba tiketi hupatikana kabla ya kupanda.

Mtego mwingine ni kugusisha kitu kimoja kuingia na kingine kutoka. Kama umeiweka kadi yako ndani ya simu, simu hiyo hujitambulisha kwa namba yake tofauti, hata kama pesa zinatoka akaunti moja. Ukiingia kwa simu na kutoka kwa kadi ya plastiki, mfumo unaona watu wawili: mmoja aliyeingia asitoke, na mwingine aliyetokea hewani. Wote wawili hutozwa. Kadi moja pia ni ya mtu mmoja. Huwezi kugusisha mara mbili ili umpitishe na mwenzako. Na ukibadilisha treni ya kampuni moja kwenda ya kampuni nyingine, unagusisha kutoka kwenye nguzo ya kwanza na kuingia kwenye ya pili, ingawa hujatoka nje ya stesheni.

Kadi zetu nazo zina ugumu wao kwenye kugusisha. Nyingi haziamki kwa kugusa mpaka zitumike kwanza mara moja kwa kuchomekwa na namba ya siri. Kadi mpya uliyoichukua tawini Ijumaa na kupanda nayo ndege Jumamosi inaweza kuwa bado imelala. Nyingine huhesabu migusano, na baada ya michache hutaka namba ya siri tena. Nguzo haina kibodi, kwa hiyo inakataa tu. Na kuna kadi ambazo benki ilizitoa bila ule uwezo wa chipu kujithibitisha bila kuuliza benki. Hizo hazipiti kwenye nguzo hata zikiwa na alama ya mawimbi, na hakuna unachoweza kurekebisha hapo stesheni. Jaribu kadi nyingine, basi.

Je, benki ikiwa ndiyo iliyofunga matumizi ya nje, kugusisha kutasaidia? Kwa safari moja huenda ukapita, kwa sababu nguzo haikusubiri jibu. Lakini malipo yakija kukataliwa, safari inabaki deni na kadi inawekwa kwenye orodha ya zilizozuiwa mpaka deni lilipwe. Ni mkopo wa robo saa, na kesho utadaiwa.

Tuseme nguzo nayo imemkatalia. Hapo Schiphol kuna dawati la tiketi lenye watu, na mtu ana faida moja ambayo mashine haina: anaweza kukueleza. Mashine za huko hazipokei noti, kwa hiyo yuro 50 uliyobadilisha Dar haisaidii mbele yake. Tiketi ya karatasi ya safari moja huongezewa ada juu ya nauli. Ilianza kwa yuro 1 mwaka 2014. Si kitu ukilinganisha na faini.

ATM ni njia nyingine, na wakati mwingine kadi iliyokataliwa kwenye mashine ya tiketi hutoa pesa bila shida, kwa sababu kikomo cha kutoa na kikomo cha kununua ni vitu viwili. Mabenki makubwa ya Uholanzi yana ATM za pamoja zinazoitwa Geldmaat. Popote utakapotolea, ukiulizwa kama unataka ukatwe kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro. Kile kiwango cha shilingi kinachowekwa mbele yako kwa adabu ni cha mwenye ATM, na karibu kila mara ni kibaya kuliko cha benki yako. Swali hilohilo hutokea madukani na kwenye mashine za kadi za hoteli, na jibu halibadiliki.

Kununua kwa simu kunaonekana rahisi mpaka ujaribu. Uwanja una intaneti ya bure, programu ya shirika la reli, NS, inauza tiketi, na utaona mahali pa kulipia kwa iDEAL. Hiyo ni ya wenye akaunti Uholanzi, iache. Unachagua kadi, unaandika namba zake, halafu benki yako inataka kukuhakiki na kutuma OTP kwa ujumbe mfupi. Ujumbe huo unakwenda kwenye laini yako ya nyumbani, ambayo hukuiwekea huduma ya kutumika nje ya nchi, au ambayo umeitoa ndani ya simu na kuweka laini ya huko. Intaneti ya bure haileti ujumbe mfupi. Unatazama kioo kikihesabu sekunde, namba haiji, muamala unakufa. Mimi imewahi kunitokea katika mji mwingine wa Ulaya, laini yangu ya Tanzania ikiwa imelala salama ndani ya pochi, imefungwa kwa kitambaa ili isipotee. Kama benki yako inaruhusu kuthibitisha ndani ya programu yake badala ya ujumbe, lifanyie kazi hilo ukiwa nyumbani. Wenye M-Pesa ya Kenya wana kadi ya Visa ya GlobalPay tangu 2022. Hiyo ni kadi ya namba tu, haina plastiki: inanunua tiketi mtandaoni, lakini huwezi kuichomeka kwenye mashine.

Njia ninayoipenda kuliko zote hutumia jamaa. Mwanafunzi wetu ana dada wa Kitanzania anayeishi Leiden, ambaye ndiye atakayempokea. Dada huyo anaweza kununua tiketi ya kielektroniki kwa jina la mgeni, akalipa kwa iDEAL kwa muda wa kupiga chafya, na kuituma kwa WhatsApp. Tiketi ina alama ya kuchanganuliwa inayofungua geti. Asichoweza kufanya ni kutuma picha ya kadi yake mwenyewe. Ahakikishe tu jina na tarehe ya safari ni sahihi, maana tiketi hiyo ni ya mtu na siku.

Limebaki jambo linaloumiza zaidi ya foleni: mashine imekataa, tiketi haikutoka, lakini simu imelia na ujumbe wa benki unasema umekatwa. Mara nyingi pesa hazijaenda popote. Benki ilikubali, ikazitenga pembeni, halafu mawasiliano yakakatika au mashine ikaghairi, na habari ya kughairi haijarudi vizuri. Pesa zilizotengwa huonekana kama zimepungua kwenye salio, lakini hazijamfikia muuzaji. Asipozidai, benki huziachia zenyewe baada ya siku kadhaa, na mara nyingine wiki kadhaa. Ukijaribu mara tatu, unaweza kukuta nauli tatu zimetengwa, na ndipo salio linapoisha kweli. Piga picha ya kioo cha mashine pamoja na namba yake, andika saa na kiasi kwa yuro, na ukitazama taarifa ya akaunti tofautisha kilicho "pending" na kilichokwisha kukatwa. Cha kwanza unakisubiri. Cha pili bila tiketi unakiwekea madai benki, ukiwa na ushahidi wako.

Mwanafunzi wetu alikuwa na kadi mbili za benki mbili, ushauri aliopewa na mjomba wake, ambaye alimsisitiza pia azitumie zote kwa kuchomeka dukani kabla ya safari. Ya pili aliigusisha kwenye nguzo ya Schiphol. Taa ikawa ya kijani, akateremka ngazi, akapata treni. Leiden aliigusisha kadi ileile kwenye geti, akatoka. Dada yake alikuwa ameshika mwavuli. Kadi ya kwanza walishughulika nayo mchana, kwa simu ya dakika nane: matumizi ya nje ya nchi yalikuwa yamefungwa tangu siku ilipotolewa.